Picha ya Mchumo wa Pili

Wiki ile Odeta hakukaa kitako. Akianza kupepeta mchele anaacha ungo, anashuka shambani. Akifika shambani anatembea mstari mmoja wa nyanya, anainua jani hapa, anainua jani pale, kisha anapanda tena juu barabarani kutazama kama kuna mtu anakuja kutoka Kisesa. Mumewe, Pius, alikuwa ameketi kivulini anasuka kamba za kufungia matenga, akamtazama akipita mara ya nne.

"Mama Gladness, nyanya haziivi kwa kutazamwa."

"Nazijua. Zinaiva hata bila kutazamwa, ndiyo maana sikai."

Huo ulikuwa mwezi wa sita, mwaka wa tisini na tano. Shamba lao lilikuwa Kayenze, robo tatu ya eka, limeshuka mpaka karibu na matete ya ziwa. Zamani walilima pamba juu kule kwenye mchanga, wakaiuza kwa chama cha ushirika, maana hapakuwa na pengine pa kuuza. Kisha ikatangazwa kwamba soko ni huria, kila mtu auze anakojua. Tatizo ni kwamba Odeta na Pius hawakujua kokote. Walipohamia nyanya walijikuta mikononi mwa Chenge, dalali wa sokoni mjini, mtu mcheshi mwenye kofia ya kijani, ambaye hupokea tenga lako asubuhi na kukuambia jioni limeuzwa kwa bei gani. Ukimuuliza nani kanunua, anacheka. "Mama nyanya, wewe unataka hela au unataka majina?"

Wiki tatu kabla, Odeta alichoka na kicheko hicho. Akajitwisha nusu tenga la zile chache zilizotangulia kuiva, akaenda mwenyewe mpaka kwenye geti la jiko la Mama Leonsia.

Huyu Mama Leonsia alikuwa Mhaya, mtu mzima wa miaka sitini hivi, mwenye kandarasi ya kupikia wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha samaki. Watu mia mbili na ushee, mchana na jioni. Nyanya kwake zilikuwa kama maji. Alizitazama zile za Odeta, akabonyeza moja kwa kidole gumba, akasema ni nzuri.

"Lakini kila mkulima anayepita hapa ana nyanya nzuri mdomoni," akaongeza. "Mwaka jana nilisafiri mpaka Misungwi kufuata nyanya za maneno, nikakuta magugu yamenifika kiunoni. Sasa mimi siondoki jikoni. Unataka kuniuzia bila Chenge?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niletee picha. Shamba, halafu mavuno. Na nyuma ya kila picha uniandikie maelezo: mchumo wa ngapi, tarehe gani, zimechumwa zikiwa na rangi gani, matenga mangapi, na zilizoharibika ni kiasi gani. Usiniletee ya mchumo wa kwanza peke yake. Mchumo wa kwanza kila mkulima ni bingwa. Nionyeshe wa pili, hapo ndipo nitajua kama unamwagilia au unabahatisha. Mwisho Ijumaa ya tarehe kumi na sita. Jumamosi natoa neno, ama wewe ama Chenge, matenga sita kila Jumanne mpaka msimu uishe."

Odeta alirudi nyumbani akiyarudia maneno yale kama katekesi.

Mpiga picha alikuwa Jovinary wa Kisesa, ambaye kazi yake hasa ilikuwa arusi na komunyo ya kwanza. Alikuja Kayenze kwa baiskeli tarehe sita Juni, siku ya mchumo wa kwanza, akapiga shamba kutoka juu, kisha akampiga Odeta amesimama kando ya matenga sita, kisha amechuchumaa ameshika nyanya mbili. Siku hiyo nyanya zilikuwa za kusifiwa. Zilikuwa aina ya Roma, zile ndefu kama yai la bata, zote zimelingana, zimeanza tu kugeuka rangi kama inavyotakiwa kwa mzigo wa kusafiri. Hata Pius alivua kofia.

Lakini filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita, na Jovinary hapeleki filamu kuoshwa mjini kabla haijajaa. "Dada, nikiitoa sasa nitakuwa nimetupa pesa ya watu." Kwa hiyo ikabidi kungoja. Ikaja arusi ya Bujora, ikamaliza karibu zote. Tarehe kumi na tatu, siku ya mchumo wa pili, Jovinary akapita Kayenze na ile iliyobaki.

Mchumo wa pili haukuwa kama wa kwanza. Mwishoni mwa Mei Odeta alikuwa msibani kwa dada yake Misungwi siku tano, na Pius alibaki na ng'ombe mgonjwa, akawa anamwagilia leo, kesho anaacha. Nyanya haisahau kiu. Tunda linaendelea kukua vizuri juu, huku chini kwenye kitako linaanza doa, doa linakuwa jeusi na kuzama. Walichuma wakatenga zenye kitako cheusi: madebe matano ya kutupa. Nzuri zilijaza matenga manne, na hata hizo zilikuwa ndogo kidogo. Odeta alisimama kando ya matenga, Jovinary akapiga.

Alhamisi, siku picha zilipotarajiwa, ndiyo iliyokuwa inamtoa Odeta roho. Jovinary alifika saa nane mchana, ametota jasho, bahasha ya njano mkononi.

"Tatu zimetoka kama kioo," akasema kabla hajashuka kwenye baiskeli. "Ile ya mwisho ndiyo imenitia aibu. Filamu ilikuwa imeisha, mimi nikalazimisha ya thelathini na saba. Ikaingia mwanga, na studio wakaikata. Hii hapa."

Akatoa kipande. Kulikuwa na ukungu mweupe, na pembeni goti la Odeta.

"Nitapeleka goti?" Odeta akauliza.

Pius akaangua kicheko. Odeta hakucheka. Kesho ilikuwa Ijumaa. Shambani nyanya za mchumo wa tatu zilishaanza kupauka, zile za chini tayari zina wekundu mashavuni. Hazitangoja filamu nyingine wala arusi nyingine.

Jovinary alipoondoka, wakaketi mkekani na zile picha tatu. Odeta alimaliza darasa la saba, na mwandiko wake ulikuwa ukisifiwa jumuiyani. Ndiye aliyekuwa akiandika orodha za michango. Akachukua kalamu ya wino, akaigeuza picha ya shamba, akaanza kuandika. Wino ukateleza, haushiki. Akakandamiza. Alipoigeuza tena, maneno yalikuwa yametokeza upande wa mbele, mistari imepita juu ya majani kama chale.

"Umelichanja shamba letu," Pius akasema.

Basi akakata vipande vya karatasi ya daftari, akaandika huko kwanza, akavigandisha nyuma kwa uji mzito wa muhogo. Cha kwanza kilisema: "Shamba letu la Kayenze, robo tatu ya eka. Nyanya aina ya Roma. Tunamwagilia kwa ndoo, maji ya ziwa." Cha pili, nyuma ya picha aliyosimama: "Mchumo wa kwanza, tarehe 6 Juni. Zimechumwa zikianza kugeuka rangi. Matenga sita. Zilizoharibika debe moja."

Ikabaki ile aliyochuchumaa. Kalamu ikasimama.

"Andika mchumo wa pili," Pius akasema taratibu.

"Si wa pili."

"Mama Gladness. Nyanya ni zetu, mikono ni yako, shamba ni hili. Jovinary ndiye kakosea, siyo wewe. Au unataka Jumanne twende tukacheke na Chenge?"

Odeta alifuta ncha ya kalamu kwenye kanga. Kisha akaandika upesi, kama mtu anayemeza dawa chungu: "Mchumo wa pili, tarehe 13 Juni. Zimechumwa zikianza kugeuka rangi. Matenga sita. Zilizoharibika debe moja." Akapaka uji, akagandisha, akaibonyeza kwa kiganja. Jioni ile wakati wa rozari aliruka fumbo zima, hata Pius akageuka kumtazama.

Ijumaa asubuhi, garini, aliitoa bahasha aone kama uji umekauka. Ndipo akaona. Katika picha zote mbili za mavuno alikuwa na gauni lile lile, na begani doa lile lile la maji yaliyommwagikia akipanda kutoka ziwani. Mchumo wa kwanza doa, mchumo wa pili doa. Akairudisha bahasha, akaitoa tena. Akafikiri aseme picha moja imepotea. Akafikiri ashuke Kisesa arudi. Gari likapita Kisesa, naye bado anafikiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, lete." Mama Leonsia alikuwa amesimama katikati ya sufuria, kanga imefungwa juu ya gauni, miwani imeshuka puani. Alifuta mikono, akapokea. Akatazama shamba, akageuza, akasoma. Akatazama mchumo wa kwanza, akageuza, akasoma. Akaichukua ya tatu.

Odeta alitazama moto.

"Debe moja tena?" Mama Leonsia akasema. "Mchumo wa pili, debe moja? Waitu! Wewe unajua kumwagilia." Akawageukia wasichana wake wa jikoni. "Njooni muone mkulima. Hata mwandiko umenyooka. Na kaandika mpaka zilizoharibika, nani anawaandikia ninyi zilizoharibika?" Akamshika Odeta begani, palepale penye doa la kwenye picha. "Mimi sihitaji kungoja Jumamosi. Matenga sita, Jumanne saa mbili. Chenge nitamwambia leo asilete."

"Asante, mama," Odeta akasema, na sauti yake mwenyewe ikamjia kama ya mtu wa chumba cha pili.

Alipomweleza Pius, Pius alirusha kofia juu. Odeta akaenda shambani. Jumapili kanisani alipokea ekaristi? Hapana, alibaki amepiga magoti kwenye benchi, na Paskazia, jirani yake wa jumuiya, akamuuliza kwa jicho tu. Odeta akatikisa kichwa.

Jumatatu walichuma tangu alfajiri. Mchumo wa tatu ulikuwa afadhali kuliko wa pili, kitako cheusi kimepungua, lakini nyanya zilikuwa za kila namna, kubwa na ndogo zimechanganyika. Zikajaza matenga matano. La sita halikufika hata nusu.

Pius akaanza kufunga kama wanavyofunga wote wanaopeleka sokoni. Ndogo chini, za kati katikati, na kubwa akazipanga juu moja moja, nyekundu zikitazama nje. Huo ndio uso wa tenga. Na lile la sita akalitia majani makavu mengi chini ili lijae. Alikuwa fundi. Ukilitazama tenga lake kwa juu ungedhani ni ile picha.

Odeta alimtazama mpaka alipofunga kamba ya tenga la kwanza. Kisha akaja, akaifungua.

"Unafanya nini?"

"Namwaga."

"Odeta!" Pius alikuwa hamwiti kwa jina lake ila wakiwa na jambo zito.

"Nilimwandikia uongo mmoja, sasa tunamfungia wa pili. Kesho nitafunga wa tatu? Mimi silali, baba Gladness. Nikifumba macho naona lile gauni."

Akalipindua tenga juu ya turubai. Nyanya zikamwagika mpaka miguuni kwa Pius. Pius alisimama, akatazama ziwa, akatazama nyanya, akasema neno moja la Kisukuma ambalo halisemwi mbele ya watoto. Kisha akachuchumaa, akaanza kuchambua naye. Kubwa zikajaza matenga mawili, ndogo matatu. Zile za nusu tenga wakaziacha nyumbani.

Odeta akakata kipande cha daftari. Safari hii aliandika polepole: "Mchumo wa tatu, tarehe 19 Juni. Matenga mawili makubwa, matatu madogo. Sita hayakufika. Zilizoharibika madebe mawili, kitako cheusi, kwa sababu ya kukosa maji mwezi wa tano. Picha niliyokupa ya mchumo wa pili siyo. Ni ya mchumo wa kwanza. Wa pili ulitoka matenga manne, zilizoharibika madebe matano. Niliandika uongo. Odeta."

Jumanne saa mbili kasoro alikuwa getini. Hakungoja matenga yashushwe. Alimkabidhi Mama Leonsia karatasi kwa mikono miwili, akasimama.

Mama Leonsia alisoma mara moja. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akaingia ndani, akatoka na zile picha tatu, akaziweka mbili za mavuno juu ya pipa, sambamba.

"Gauni," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na doa."

"Ndiyo."

"Sikuona." Aliongea kwa sauti ndogo, nayo ikamuuma Odeta kuliko angefokewa. "Miaka ishirini na mitano nanunua vyakula. Nimewaita wasichana wangu waje wakutazame. Nikampigia Chenge simu ya dukani nikamwambia nimempata mtu wa kweli, asilete. Sasa leo kuna wageni wa kiwanda, nimepanga kachumbari ya watu mia mbili na arobaini, na mbele yangu kuna matenga mawili ya kukatwa."

"Nisamehe, mama."

"Kusamehe nitakusamehe, mimi ni Mkristo. Kachumbari itasamehewa na nani?"

Msichana mmoja akacheka, akaona uso wa mama, akanyamaza.

Mama Leonsia akamtuma mtu sokoni. Baada ya nusu saa Chenge mwenyewe akaja na mkokoteni, matenga mawili juu, kofia ya kijani imeinamishwa upande.

"Mama nyanya!" akamwita Odeta kwa furaha. "Nasikia siku hizi unauza na picha? Nipige na mimi, niko tayari." Akajiweka kando ya tenga lake, kifua mbele.

Mama Leonsia hakucheka. Alipenyeza mkono katikati ya tenga la Chenge, akaenda chini mpaka kiwiko, akatoa nyanya tatu. Zote tatu zilikuwa zimelainika, na moja ilimpasukia kiganjani. Akaitupa kwenye ndoo ya takataka, akampa Chenge hela zake, maana hakuwa na njia nyingine. Chenge akaondoka anapiga mluzi. Yeye hakuwa amemwahidi mtu chochote.

Ndipo Mama Leonsia akamgeukia Odeta.

"Madogo yako matatu nayachukua kwa bei ya rojo. Makubwa bei tuliyosema. Ile ya matenga sita kila Jumanne imekufa, usiidai."

Odeta akaitikia kwa kichwa.

"Hii chukua." Akamrudishia picha aliyochuchumaa. Ile ya kusimama na ile ya shamba akazitia mfukoni mwa aproni. "Sasa nisikilize. Kila Jumapili utanitumia maelezo kama haya ya leo. Ya leo, siyo yale ya kwanza. Mchumo unaokuja utakuwa matenga mangapi, makubwa mangapi, madogo mangapi, na zitakazoharibika ni kiasi gani. Nikisoma ndiyo nitajua nimwambie Chenge alete mangapi. Ukiandika matano ukaleta matatu, umekula chakula cha watu mia. Ukiandika matatu ukaleta matano, hayo mawili utajua mwenyewe pa kuyapeleka. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, shusha. Moto unawaka bure."

Njiani kurudi Odeta alikuwa kama mtu aliyetoka kuumwa homa, mwepesi na dhaifu. Lakini hakukaa hivyo siku nyingi. Ijumaa akaanza tena kupanda na kushuka shambani. Maana sasa alitakiwa aandike nyanya ambazo bado ziko kwenye mti. Jumamosi yeye na Pius waliingia shambani wakagawana mistari. Pius anahesabu matunda yenye wekundu, Odeta anapindua kila tunda kutazama kitako. Pius akasema matenga manne. Odeta akasema matatu. Wakabishana mpaka ng'ombe wakarudi wenyewe.

"Andika manne," Pius akasema. "Jua la kesho litageuza mengine."

"Jua la kesho sijaliona."

Usiku ule aliungama moyoni, na Jumapili kabla ya misa akaungama kwa padri. Padri alimpa sala za kitubio na kumwuliza kama nyanya zinaendelea vizuri. Akapokea ekaristi. Alipotoka kanisani alichukua karatasi aliyoiandika: "Mchumo wa nne, utachumwa tarehe 26 Juni. Matenga matatu, moja kubwa, mawili madogo. Zitakazoharibika kama debe moja." Akamkabidhi dereva wa gari la saa sita aliyekuwa akipita karibu na kiwanda, akamwambia geti la jiko, Mama Leonsia, mkononi mwake, siyo kwa mlinzi.

Gari likawaka, likaondoka, vumbi likapanda.

Paskazia akamshika mkono ili watembee wote nyumbani. Walikuwa wamefika penye michongoma ndipo Odeta akasimama.

"Ule mstari wa mwisho, karibu na matete," akasema. "Jana mimi nilidhani Pius kauhesabu. Na Pius alidhani nimeuhesabu mimi."

"Odeta, leo Jumapili."

Lakini alikuwa ameshavua viatu vya misa, amevishika mkononi, anateremka mbio kuelekea ziwani, akihesabu kabla hata hajafika.